Mama ana miaka 72 na hajawahi kuugua moyo: aendelee na aspirini ya kila asubuhi?

Binti wa Kadutu
Ndugu zangu wa Bukavu na kwingineko, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 72, na kwa miaka sita sasa anameza aspirini ya miligramu 100 kila asubuhi, kwa sababu jirani yake alipooza upande mmoja na muuzaji wa farmasi akamwambia kidonge hicho kitamkinga. Yeye mwenyewe hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo. Ana tansio, ambayo anaitibu, na magoti yanayomuuma, kwa hiyo hununua pia diklofenaki. Vidonge vyote huvifunga kwenye ncha ya kitenge. Mwezi huu anapumzika mara tatu kwenye ngazi za kwetu, ambazo zamani alizipanda akiwa na ndoo kichwani. Je, aache, au kuacha ndiko kutakakomletea kiharusi?

Mzee wa Bagira
Binti yangu, asiache hata siku moja. Mshipa wangu wa moyo uliziba mwaka 2019, na muganga alinionya nisithubutu kuacha aspirini. Nameza hadi leo na bado nipo.

Baba Furaha
Tatizo ni aina ya kidonge. Mnunulie zile zilizofunikwa utando, zisizoyeyuka tumboni. Na kwa kuwa hatari ya moyo huongezeka na umri, mtu mzima ndiye anayeihitaji zaidi.

Muuguzi wa Ibanda
Mzee, wewe endelea kama ulivyoagizwa, kwa maana ulishaugua, na kwa aliyeugua kidonge hicho kinazuia pigo la pili. Mama huyu anazuia pigo ambalo halijawahi kuja, na hapo hesabu ni nyingine.

Baba Furaha, ni kweli kwamba hatari ya moyo hupanda na umri, lakini hatari ya kuvuja damu hupanda nayo. Utafiti wa ASPREE, uliotolewa mwaka 2018, uliwafuatilia zaidi ya wazee 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa wazima, wengi wao wakiwa na miaka 70 au zaidi, kwa karibu miaka mitano. Katika kila 1,000 waliopewa aspirini, takriban 38 walivuja damu vibaya, dhidi ya 28 waliopewa kidonge kitupu, na kwa upande wa moyo na kiharusi hapakuonekana nafuu ya kuaminika. Utando nao hausaidii sana, kwa sababu aspirini ikishaingia kwenye damu hupunguza ute unaolinda tumbo na kuzilemaza chembe zinazogandisha damu, popote kidonge kilipoyeyukia. Diklofenaki inaongeza jeraha juu ya jeraha.

Dada, kinachonitia wasiwasi ni zile ngazi: kuchoka hivyo kunaweza kuwa dalili kwamba damu imempungua. Fungua kope la chini la mama uone kama limepauka, na umuulize, bila kumwonea haya, kama choo chake ni cheusi kama lami, cha kunata na chenye harufu kali. Ikiwa ni hivyo, asimeze tena vidonge hivyo viwili, naye apelekwe hospitali leo hii. Dawa ya tansio asiiache mwenyewe, kwa maana hiyo ndiyo inayomkinga na kiharusi.

Mwanafunzi wa Tiba
Naongeza jambo moja: wengi katika utafiti huo walikuwa wanaanza aspirini, si watu walioizoea miaka sita. Kuhusu kumwachisha aliyeizoea, asiyevuja damu, ushahidi ni mchache.

Baba Furaha
Nimeelewa. Je, mdogo wangu mwenye miaka 54 na ugonjwa wa sukari?

Muuguzi wa Ibanda
Huyo yuko mahali pagumu. Utafiti wa ASCEND, wa wenye sukari ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, ulionyesha kwamba kwa zaidi ya miaka saba aspirini iliwaokoa takriban 11 katika kila 1,000 na pigo la moyo au la mishipa, huku 9 zaidi wakivuja damu vibaya. Kama anavuta sigara, tansio yake iko juu na hajawahi kuwa na vidonda vya tumbo, muganga anaweza kukubali. Kama alishawahi kutapika damu, ningekataa. Wamarekani, tangu mwaka 2022, hawashauri kuianza kwa kinga baada ya miaka 60.

Binti wa Kadutu
Nimerudi kutoka hospitali. Mama amekiri kwamba choo kilikuwa cheusi kwa wiki mbili, na alidhani ni sombe. Damu yake imepungua sana: hemoglobini ni 7.9. Muganga amesimamisha aspirini na diklofenaki, amempa omeprazoli, na kesho wataingiza kamera tumboni na kutafuta bakteria wa vidonda. Amesema dawa ya tansio iendelee akishaipima asubuhi. Mama ananiuliza magoti yake atayatibu kwa nini sasa.

Muuguzi wa Ibanda
Parasetamoli, kwa kipimo atakachopewa na muganga. Na ile ncha ya kitenge uifungue wewe mwenyewe leo, uone kilichobaki humo.