Kampuni ya Morisi inaficha nini tena?

Binti wa Shangani: Nchi zinatumiana taarifa za akaunti kila mwaka. Sasa mfanyabiashara wa korosho wa Mtwara anayefungua kampuni Morisi anaficha nini tena?

Mhasibu Ligula: Jina lake, dada. Mfumo huo wa kutumiana taarifa unaitwa CRS, ni wa OECD, shirika la nchi nyingi zilizoendelea, na nchi za kwanza zilianza kutumiana taarifa mwaka 2017. Akaunti ikiwa ya mtu, benki inaangalia ni mkaazi wa kodi wa nchi gani, inapeleka salio la Desemba 31 pamoja na riba. Ikiwa ya kampuni, linakuja swali la pili: kampuni inafanya biashara, au imekaa tu inakula riba na gawio? Iliyokaa tu lazima wenye kampuni watajwe, kila mmoja kwa nchi yake. Inayofanya biashara, benki inaishia kwenye jina la kampuni. Kampuni ya Morisi, akaunti ya Morisi, hakuna pa kupeleka.

Korosho Safi: Kwanza tuondoe hilo la "mfanyabiashara wa korosho". Kwa nini mfano wa wizi lazima uwe sisi? Tunanunua mnadani kwa bei inayotangazwa mbele ya wakulima, kila kilo imeandikwa kwenye stakabadhi ghalani. Kwenye gesi na madini hamfiki!

Mzee wa Mikindani: Kijana, mnadani bei inajulikana, meli ikishaondoka bandarini haijulikani. Ankara inasomeka kauzia kampuni ya Morisi, kampuni hiyo hiyo inamuuzia mnunuzi wa mwisho kwa bei ya juu. Tofauti inabaki kisiwani. Huo ndio ugonjwa.

Korosho Safi: Shikamoo mzee, lakini hapo umetutukana wote kwa kosa la wachache. Na kampuni ya kati si haramu. Inauza kweli, basi inafanya biashara, na kwa maneno ya Mhasibu mwenyewe benki haina la kupeleka. Yamekwisha.

Mhasibu Ligula: Hayajaisha, kaka, na hapa ndipo wengi wanakosea, hata wanaojaza fomu. Hupimwi kwa mapato peke yake, unapimwa na mali pia. Chukua kampuni iliyouza korosho za dola 900,000 mwaka jana, riba ikawa 12,000. Kwenye mapato imepita. Fungua mizania: wadaiwa 100,000, benki 400,000, ghalani hakuna kitu. Fedha taslimu inahesabiwa kuwa mali ya kuzalisha riba hata kama akaunti hailipi riba. Hapo robo tatu ya mali na zaidi imekaa tu, ukomo ni nusu. Kampuni hiyo imeanguka kwenye kipimo cha mali, na wenyewe wanatakiwa kutajwa. Anayetaka kulimbikiza huko ndiye anayejifunga, kwa sababu limbikizo lenyewe ndilo linaloibadilisha kampuni.

Binti wa Shangani: Na benki inajuaje mizania?

Mhasibu Ligula: Hapo ndipo panapovuja. Kampuni inajitamkia yenyewe kwenye fomu. Benki inaruhusiwa kuamini mpaka iwe na sababu ya kutilia shaka. Ikiona salio limelala miezi kumi bila malipo kwa wauzaji wala mizigo, sababu ipo. Akinyamaza ofisa, fomu inabaki kwenye jalada.

Mama Msijute: Mdogo wangu yuko Maskati ananitumia hela ya kumalizia nyumba. Nayo itapelekwa?

Mhasibu Ligula: Hapana, mama. Kinachopelekwa ni taarifa ya akaunti, si kila hela inayotumwa. Akaunti yake ya Maskati inafuata ukaazi wake wa huko.

Mzee wa Mikindani: Mimi nasema TRA ina kila jina tayari. Wanawaonea huruma tu.

Mhasibu Ligula: Mzee wangu, taarifa haiji kwa sababu tu nchi nyingine inayo. Nchi mbili lazima ziwe zimekubaliana kupelekeana, na anayepokea awe na sheria ya kuzitunza siri. Hata zikifika zinaweza kupotosha. Ndugu wawili wana nusu kwa nusu kwenye ile kampuni: salio lote la 400,000 linaandikwa kwa kila mmoja. Ofisa asiyejua anajumlisha 800,000. Na TIN ikikosekana, jina limeandikwa kwa tahajia nyingine, halioani na jalada lolote.

Korosho Safi: Kwa hiyo mtu anadaiwa kodi ya 800,000 asizokuwa nazo. Ndiyo maana tunaogopa.

Mhasibu Ligula: Salio halitozwi kodi, kaka. Linafungua swali: mapato yaliyolijaza yalitangazwa? Mkaazi wa hapa anatozwa kwa mapato ya dunia nzima.

Mzee wa Mikindani: Na ile tofauti ya ankara?

Korosho Safi: Mzee, unarudi kulekule. Nionyeshe ankara moja.