Mshereheshaji aliyetuharibia kwanjula Bugembe, na sasa anasingizia jenereta

Baba Mdogo wa Bugembe

Wanajukwaa, nawasalimu. Siku tisa zimepita tangu tumtoe binti wa marehemu kaka yangu kwa kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa ukoo wa binti, hapa Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, na hasira yangu haijapoa hata kidogo. Tulimchukua mshereheshaji mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa anazungumza Kiganda, Kisoga na Kiswahili bila kukwama, na kwa kuwa alituahidi kuleta kila kitu mwenyewe: spika nne, mikisa, maiki mbili zisizo na waya na jenereta. Bei ilikuwa shilingi 1,800,000, nasi tulimtumia 1,200,000 kwa simu wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Kwa maneno hana upungufu. Aliingia uwanjani kama mwenye nyumba, akawachekesha wageni kutoka Masaka hata kabla hawajaketi, na kwa nusu saa nilijipongeza kwa kumpata. Hema zetu zilikuwa tatu, zimezunguka uwanja pande tatu, na spika zote nne alizipanga upande wa nne, mbele ya meza yake, zikitazama katikati. Yeye mwenyewe alipenda kusimama pale pale katikati, ameshika maiki kwa kichwa chake, kiganja kimefunika ule wavu wote, kama waimbaji wa kufokafoka wanavyofanya. Hema la wakwe, lililokuwa mbali zaidi, walianza kulalamika kwamba hawasikii. Kijana wake wa mikisa, ambaye muda mwingi alikuwa akitazama simu, akapandisha sauti, na hapo ndipo mluzi ulipoanza.

Ulitukata sikio kwa saa mbili. Ulipofika wakati wa senga, yaani shangazi wa bibi harusi, kuingia kati ya wageni kumtafuta bwana harusi, dada yangu alipewa maiki ya pili, akafungua mdomo tu, nayo ikapiga ukelele ulioamsha watoto wachanga. Akaiangusha kwenye nyasi, akamwonyesha kijana kwa kidole bila neno hata moja. Video ninayo. Jambo ambalo kila senga hulisubiri kwa miaka likapita kimyakimya, kama mtu anayetambua maiti.

Nilipomdai arudishe walau nusu ya fedha, alinijibu kwamba jenereta lilikuwa likitoa umeme hafifu. Jenereta alilolileta yeye! Naomba mwenye ujuzi anieleze, je, jibu hilo lina ukweli wowote?

Mama Zubeda, Arua

Pole sana, shemeji. Mimi nilifanyiwa hivyo hivyo kwenye arusi ya mwanangu, jenereta likazimika katikati ya dua kwa sababu dizeli ilikwisha, na aliyepewa fedha za dizeli hakuonekana hadi chakula kilipopakuliwa. Hawa watu wa jenereta wote ni wamoja.

Baba Mdogo wa Bugembe

Mama Zubeda, pole nawe, lakini letu halikuzimika hata dakika moja. Ndiyo maana nauliza.

Fundi wa Mikisa

Mzee, kazi ya sauti naifanya kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na swali lako linajibiwa na swali jingine: muziki ulipopigwa kutoka kwenye kompyuta huku maiki zikiwa zimefungwa, ulisikika safi au ulikwaruza?

Baba Mdogo wa Bugembe

Ulikuwa safi kabisa. Wageni walicheza. Kila maiki ilipofunguliwa ndipo tuliteseka.

Fundi wa Mikisa

Basi jenereta halina kosa. Umeme ukipungua, muziki nao hukwaruza, taa hufifia, na mara nyingine mikisa hujizima na kujiwasha. Huo mluzi wenu ni sauti inayotoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena kwenye spika, na kuendelea kuzunguka hivyo hadi inakuwa ukelele. Mtu aliyesimama mbele ya spika nne zinazomtazama mgongoni ameujenga mzunguko huo kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu mikono ni kweli kabisa. Maiki nyingi za kushika zimeundwa zisikie zaidi kwa mbele na kupuuza zaidi kinachotoka nyuma, na uwezo huo unategemea matundu yaliyo nyuma ya kichwa, chini ya ule wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inaanza kusikia pande zote, spika zikiwemo. Ashike mpini, wavu aukaribishe mdomoni. Akiisogeza kutoka sentimita 20 hadi 10, sauti yake inaingia kwa nguvu mara mbili hivi, ilhali ile ya spika haibadiliki, kwa hiyo kijana wa mikisa anaweza kushusha badala ya kupandisha. Dada yako sina shaka aliishikia kifuani kwa heshima, nayo ilikuwa tayari imepandishwa kupita kiasi.

Kaka Spika

Maelezo marefu ya nini? Hizo ni maiki za bei ya chini. Angeleta maiki nzuri, na zile spika mbili azipeleke karibu na hema la wakwe, yote yangekwisha.

Fundi wa Mikisa

Kwa spika umesema kweli, kwa maiki hapana. Hata ile ya bei kubwa itapiga mluzi ikizibwa. Ila spika za nyuma nazo zina mtego wake. Mzee, hema hilo lilikuwa umbali gani kutoka kwenye meza yake?

Baba Mdogo wa Bugembe

Nilipima kwa hatua jana. Karibu mita 35.

Fundi wa Mikisa

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya mbele ingewafikia wakwe ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali ile ya spika za karibu ingewafikia papo hapo. Wangesikia kila neno mara mbili. Ni lazima spika za nyuma zicheleweshwe kwenye mikisa kwa milisekunde 100 hivi, na mikisa ndogo nyingi hazina uwezo huo. Hapo ningeziinua spika zote juu ya stendi, nizisogeze mbele ya mahali anaposimama, nizigeuzie kwenye hema, kisha asubuhi nisimame pale pale na maiki, niipandishe polepole hadi ianze kulia, nirudi chini kidogo, na hapo ndipo pangekuwa mwisho wake siku nzima. Je, walifanya jaribio lolote?

Baba Mdogo wa Bugembe

Walifika saa nne asubuhi, wageni wakiwa njiani. Alisema "halo, halo" mara mbili, akaenda kunywa chai.

Mgeni wa Nakawa

Samahani, huyo mshereheshaji anapatikana mwezi ujao? Mimi ninataka maneno tu, sauti ninayo.

Kaka Spika

Mzee, ukweli usemwe pia. Nani alisema hema ziwe tatu na uwanja uachwe wazi? Kama ni nyinyi, yeye angesimama wapi? Kudai nusu ni kumwonea.

Baba Mdogo wa Bugembe

Hema tulizipanga sisi, hilo nakubali, naye alikuja kuziona Alhamisi, akasema hakuna tatizo. Jioni hii amenipigia, anataka kurudisha 300,000 na yaishe. Dada yangu amekataa hata kulizungumzia. Jumapili nitakwenda kwake na video, na sehemu ya kwanza nitakayomwonyesha ni kiganja chake.