Naombeni ushauri: nichanje taifodi kabla ya kuhamia Mwanza au niwe makini tu na maji?

Binti_wa_Biharamulo: Wadau habari zenu. Mwezi ujao naanza chuo Mwanza, nimepata chumba mlimani kule Malimbe, tutakaa wasichana watatu, bomba moja la nje na mwenye nyumba kasema maji yanatoka kwa mgao. Kaka yangu kanipa hela kidogo akasema nikachanjwe taifodi. Hela hiyo hiyo ndo ya jiko la gesi. Nikichanja siwezi kununua jiko mapema, nikinunua jiko chanjo basi. Nyie mngefanyaje?

Mzee wa Kirumba: Mdogo wangu nunua jiko. Chemsha maji, usile kachumbari ya njiani, imeisha. Hizo chanjo ni biashara tu. Mimi mwaka jana nimeugua taifodi mara nne na sijawahi kusikia mtu aliyechanja akapona kwa chanjo.

Nesi_Pasiansi: Kaka Mzee, chanjo haiponyeshi, inazuia, ndo maana hujasikia. Na hizo mara nne ulipimwaje? Kama ni ile Widal ya tone la damu kwenye kioo halafu unaambiwa 1/160, nakwambia kabisa zingine huenda hazikuwa taifodi. Kinga ya maambukizi ya zamani inabaki mwilini miezi kibao, hata malaria inaweza kukifanya hicho kipimo kiseme ndiyo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, na itolewe kabla hujameza antibayotiki, japo nacho hakikamati wagonjwa wote.

Mzee wa Kirumba: Duh. Nilipimwa hivyo hivyo zote nne, na kila mara boksi la sipro.

Nesi_Pasiansi: Ndo hapo. Sasa mdogo wangu wa Biharamulo, chanjo zipo za aina mbili za sindano. Ya zamani, Vi, dozi moja inakinga kama nusu mpaka theluthi mbili ya waliochanjwa, na baada ya miaka 2 au 3 unarudia. Ya kizazi kipya, TCV, ina nguvu zaidi na inadumu, ilijaribiwa kwa watoto Malawi ikazuia kama wanane kati ya kumi. Ila zote zinahusu taifodi tu. Ukinywa maji mabaya, amiba, kipindupindu na kuhara vinakupata ukiwa na kadi yako ya chanjo mkononi. Bei inatofautiana, piga simu kwanza, uliza ni aina gani, na chanja wiki mbili kabla ya kusafiri, kinga haijengeki siku hiyo hiyo.

Nyamata_wa_Mkolani: Mimi nilikaa na wenzangu kama wewe, tulikuwa tunachemsha kila jioni kwa zamu na bado mmoja akalazwa homa ilipanda kidogo kidogo wiki nzima, damu ikaoteshwa ikakutwa ni yenyewe. Tukakaa tukajiuliza, maji si tunachemsha? Kumbe tunayaweka kwenye ndoo ya mfuniko halafu kila mtu anachota na kikombe chake, mkono unaingia mpaka kwenye kifundo, na choo cha pamoja hakina sabuni. Hatukujua kama ndo chanzo, maana naye alikuwa anapenda juisi ya barafu stendi, lakini tulinunua ndoo yenye koki siku ile ile.

Mfugaji Buhongwa: Chanjo ya homa ya matumbo inapatikana agroveti, kuku wangu 200 walichanjwa vizuri tu.

Binti_wa_Biharamulo: 😂 Mimi sio kuku jmn

Nesi_Pasiansi: Hahaha. Nyamata kagusa penyewe. Vimelea vya taifodi vinatoka kwa mtu, tena kuna wanaobeba bila kuumwa, hivyo mikono inayoshika maji ina uzito kuliko hata aina ya jiko. Na ukikosa jiko, dawa ya vidonge vya maji ya dukani ipo, ile ya kidonge kimoja ndoo ya lita 20, subiri nusu saa, ila soma boksi kwanza maana ukubwa unatofautiana. Maji yenye tope chuja kwa kitambaa kabla. Kwa hiyo mimi ningechanja, nikanunua ndoo ya koki na vidonge, jiko likasubiri.

Mzee wa Kirumba: Na chakula je? Vidonge haviwekwi kwenye mchicha wa mama ntilie.

Nesi_Pasiansi: Kula kinachotoka jikoni kinafuka, hata wali maharage. Kachumbari na barafu acha.

Binti_wa_Biharamulo: Asanteni sana. Nimeshapiga sehemu mbili, moja wanayo Vi, nyingine wameniambia nipige kesho. Tatizo wenzangu wawili hawachanji na wamekataa kuchangia ndoo.

Nyamata_wa_Mkolani: Yako weka kufuli dear, usicheke, mimi niliweka.