Cheti cha bima ya mzigo kutoka kwa muuzaji: kinatosha, au ukate nyingine Dar?

Swali: Nimeagiza marobota ya vitambaa ya dola 20,000, CIF Dar, yaani bei yenye nauli ya meli na bima ndani. Muuzaji amenitumia cheti cha bima kwa PDF, wakala anataka nikate nyingine hapa. Si kulipa mara mbili huku? Na nitajuaje hiki si feki?

Wakala wa forodha, Kurasini: Sheria inataka mzigo unaoingia ukatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa hapa. Hicho cha muuzaji kitupe, huku hakilipi kitu.

Mtu wa bima, Posta: Hapo kwenye sheria uko sawa, hapo kwenye kukitupa hapana. Cheti cha nje kinaweza kulipa vizuri tu, inategemea kimeandikwa nini. Tafuta mstari wa Institute Cargo Clauses, ndiyo masharti ya bima ya mzigo, kisha herufi inayofuata: (A) ni pana kuliko zote, (C) ni finyu kuliko zote. Kwa CIF muuzaji halazimiki kuzidi (C), na kiasi cha bima ni angalau asilimia 110 ya bei, kwako dola 22,000. Sasa (C) inalipa meli ikizama, ikiungua au ikigongana. Kontena likiwa na tundu, maji ya bahari yakaloanisha marobota, (C) haikusaidii, (B) ndiyo inalipa. Maji yakiwa ya mvua, au wezi wakichomoa marobota matatu, unahitaji (A). Na hata (A) hailipi ufungaji mbovu wala hasara ya kuchelewa.

Dereva wa Tunduma: Lori langu lina stika ya bima. Nikipakia mzigo si nao umo?

Mtu wa bima, Posta: Hapana, kaka. Stika hiyo ni ya gari, mzigo unakatiwa yake.

Muulizaji: Na feki je?

Mtu wa bima, Posta: Usipige namba iliyo kwenye cheti, aliyeghushi huweka yake. Tafuta mawasiliano ya kampuni mwenyewe, kwenye orodha ya mamlaka ya bima ya nchi yao, kisha watumie namba ya cheti peke yake. Waache wao wakutajie meli, kiasi, herufi ya masharti na kama malipo yameingia. Ukiwatumia PDF nzima, karani anaweza kuona namba ipo akajibu "ni sahihi", kumbe cheti ni cha kweli ila (C) imefutwa ikaandikwa (A). Muuzaji akiwa na mkataba mmoja wa bima kwa shehena zake zote, uliza kama hii yako imeshatangazwa kwa kampuni hiyo. Ya hapa ni rahisi zaidi: chukua namba ya kavanoti, hati ya bima unayopewa hapa, uiangalie kwenye tovuti ya mamlaka ya bima, tiramis.tira.go.tz, kisha ulinganishe jina na kiasi.

Wakala wa forodha, Kurasini: Haya, nimekubali. Lakini gharama mbili bado zipo.

Mtu wa bima, Posta: Zipo. Ndiyo maana anunue CFR, bei yenye nauli ya meli bila bima, kisha bima aikate mwenyewe hapa kabla meli haijaondoka.

Muulizaji: Nimemwambia muuzaji hivyo. Anasema bei ni ileile, CIF au CFR.

Wakala wa forodha, Kurasini: Basi huyo bima hajakata. Au kakata ya bei ya chee.