Ethilibenzini: bromini na taa, NBS, au pamanganeti?

Msomi_Wete: Assalamu alaykum. Nataka bromini moja tu ikae kwenye mkia wa ethilibenzini. Nitumie Br2 na taa, N-bromosaksinimidi yaani NBS, au pamanganeti, KMnO4? Na kwa nini inachagua kaboni iliyoshika pete, isiende ile ya mwisho?

Kijana_Ngambo: Wa alaykum salaam. Kaboni ile ni ya daraja la pili, radikali yake imetulia zaidi. Basi. Tumia NBS.

Maalim_Chake: NBS ni sawa, lakini sababu hiyo ni nusu. Tazama toluini: kaboni yake ni ya daraja la kwanza, na kung'oa hidrojeni pale kunataka kilojuli 375 hivi kwa moli. Hidrojeni ya daraja la tatu kwenye isobyutani inataka karibu 400. Kwa hiyo kazi inafanywa na pete. Kaboni inakaa bapa sambamba na pete, na ile elektroni pweke inagawiwa hadi nafasi mbili za jirani na ile ya mkabala. Bromini haiishii kwenye pete kwa sababu pete ingepoteza utulivu wake. Mkiani, pete inabaki nzima.

Bi_Karafuu: Mie nina mafuta ya karafuu ya hapa Pemba. Yujinoli iliyomo nayo ina pete na mkia. NBS itafanya hivyo hivyo?

Maalim_Chake: Hapana, bibi. Yujinoli ina mambo mawili zaidi: kifungo maradufu mkiani, na kundi la OH linaloifanya pete yenyewe ipokee bromini upesi. Utapata mchanganyiko.

Kijana_Ngambo: Na KMnO4 si itaweka tu oksijeni pale pale?

Maalim_Chake: Itakata mkia. Ukichemsha, ethilibenzini inatoa asidi ya benzoiki, kaboni ya mwisho inapotea. Zambarau inafifia na tope la kahawia la MnO2 linashuka. Lakini benzini yenye mkia wa byutili wa daraja la tatu haiguswi, kwa kuwa kaboni yake haina hidrojeni ya kung'oa. Kwa hiyo, Msomi, hiyo njia ukitaka asidi tu.

Fundi_Maabara: Nimewahi kuharibu kazi kwa kijiko cha chuma chenye kutu. Bromini na chuma vinatengeneza FeBr3, na bromini ikaenda kwenye pete. Nilijua kwa nitrati ya fedha katika ethanoli: bromini ya mkiani huleta mashapo ya rangi ya maziwa upesi, ya pete haileti kitu. Fanya ndani ya chemba ya kuvuta mvuke. Mvuke wa hiyo ya mkiani unachoma macho.

Msomi_Wete: Kiasi gani?

Maalim_Chake: Gramu 1.06 za ethilibenzini kwa 1.78 za NBS ni moli sawa sawa. Usizidishe, bromini ya pili itaingia pale pale. NBS hutoa Br2 kidogo kidogo, ndiyo faida yake juu ya kumwaga bromini yenyewe. Tia chembe za peroksidi ya benzoili, pasha moto.

Fundi_Maabara: Kiyeyusho? CCl4 ilikuwa raha, NBS inazama na saksinimidi inayobaki baada yake inaelea, unaona mwisho kwa macho. Sasa imepigwa marufuku karibu kote.

Maalim_Chake: Mimi nimehamia asetonitrili. Ila alama ile ya kuelea huipati, na sijaridhika nayo bado. Mwenye mbadala aseme.