Naombeni ushauri: vipira vya badmintoni kwa joto la Tanga

Wakuu, habari zenu. Tunacheza badmintoni ndani ya ukumbi hapa Tanga. Nimenunua mrija wa vipira 12 vya manyoya, namba 78, lakini vinanishinda.

Juzi saa tisa alasiri, kipimajoto kikisoma nyuzi 32, nilivijaribu kama kanuni inavyotaka: nikasimama mstari wa nyuma, nikapiga kwa nguvu zote kutokea chini kwenda juu. Kipira sahihi huanguka sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Vyangu vilitoka nje kabisa, kama shubiri moja. Najua sababu: hewa ya moto ni nyepesi, haikizuii kipira sana, na namba kubwa ndiyo yenye kasi zaidi.

Sasa nashuka hadi 76, au moja kwa moja 75? Saa mbili usiku kukipoa kidogo, 75 haitakuwa ya polepole mno?

Kwa mazoezi nafikiria plastiki ya utepe wa kijani, ile ya mwendo wa polepole. Hofu yangu ni sketi yake kulegea kwa joto na kujikunja ukipiga simashi. Aliyeitumia huku pwani anieleze, tafadhali.