Nimeombwa kuwa shahidi wa jina la rafiki wa shule. Nikatae vipi?

Mwana_Katuba:
Habari za jioni wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, nina mke na watoto watatu, nafanya kazi ya ghala. Kuna rafiki niliyesoma naye mpaka mwaka wa sita wa sekondari, 2006, ule mwaka wa uchaguzi. Hatukuonana tena mpaka mwezi jana. Sasa anataka kubadilisha jina lake la mbele mahakamani, na ameniomba nisimame shahidi kwamba namjua tangu shuleni. Ni Alhamisi ijayo. Nimemwambia siku hiyo nitakuwa Likasi kikazi. Sitakuwa Likasi. Naomba mnisaidie, nikatae kwa maneno gani asikasirike? Na shahidi wa jina anaweza kushikwa kwa lolote baadaye? Silali.

Bwana_Mizani:
Usitie sahihi karatasi ya mtu. Mimi nilimdhamini shemeji yangu kwa deni la mifuko 40 ya unga wa mahindi, akavuka Kasumbalesa, mpaka leo naambiwa yuko Ndola. Nililipa mimi, miezi kumi na moja. Anayebadilisha jina anakimbia deni, mengine mapambo.

Mwana_Katuba:
Aksanti, lakini si deni. Ni mtu mwaminifu. Tulikaa internati ya mapadri miaka minne, kitanda cha ghorofa kimoja, yeye juu mimi chini. Hajawahi kula makuta ya mtu.

Karani_wa_Zamani:
Niliandika mashauri ya mahakama ya amani miaka mingi, nikujibu lile la kushikwa. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inakataza mtu kubadilisha jina kiholela, ila hakimu wa mahakama ya amani anaweza kuruhusu kukiwa na sababu ya haki. Shahidi haulizwi deni wala ndoa. Unaulizwa unamjua mtu huyu tangu lini, na aliyesimama hapa ni yule yule? Ukisema kweli, unarudi nyumbani kula bukari yako. Ukisema uongo, hapo ndipo kuna shida. Sasa niambie: anatoka jina gani kwenda jina gani, na kwa nini? Hakimu ataanzia hapo.

Mwana_Katuba:
Kwa sababu zake. Watu wote wanamwita kwa hilo jipya tayari. Anataka pia kufanya mtihani wa taifa, hakuupata mwaka ule, na anataka diploma itoke na jina analoitwa.

Mama_Kamalondo:
Mwanangu, unajibu kama mtu anayechutama nyuma ya mlango. Mlikutana wapi?

Mwana_Katuba:
Kwa fundi cherehani, mama. Yeye ndiye fundi. Mke wangu alipeleka kitenge yadi 6 kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, akaniambia nipite nipimwe shati la kitambaa hicho hicho. Nikaingia, nikageuka kupimwa mgongo. Akanyoosha utepe kutoka bega hadi bega, akanyamaza, akapima tena. Akasema, "Bega la kushoto bado limeshuka." Internati nilikuwa nabeba ndoo za maji upande huo mmoja. Hakuna mtu mwingine anayejua hilo, hata mke wangu hakuwahi kuliona. Nikageuka nikatazama uso.
Sasa mke ananiuliza kila jioni kwa nini fundi wake alinishika bega muda mrefu. Nimemwambia ni pacha wa rafiki yangu wa shule.

Jicho_la_Mwanza:
Ngoja kwanza. Internati ya mapadri, vitanda vya ghorofa, juu na chini. Hilo ni bweni la wavulana. Halafu mkeo ana wivu na fundi, na umemwita pacha wa rafiki yako, maana yake fundi ni mwanamke. Kiswahili chetu kimekusaidia, "yeye" haina jinsia, umeandika mara mbili bila kusema ni nani. Uzi huu ni chai. Mtu anatunga hadithi, anapima kama tutaila. Mods wafunge.

Kasongo_Hewa:
😂😂 Chai ya rangi, sukari mbili. Tunasubiri sehemu ya pili.

Mama_Kamalondo:
Na hilo la pacha halitapita hata likiwa hadithi. Mama aliyezaa mapacha hapa kwetu anaitwa Mama Mapasa mpaka anazikwa, na majina ya watoto yenyewe yanasema, Kyungu na Kabange. Mkeo akimuuliza fundi "pacha wako anaitwa nani?", umekwisha.

Mwana_Katuba:
Si chai. Nimekaa na simu hii saa nzima.
Ndiyo. Shuleni tulikuwa wavulana wawili kwa macho ya kila mtu. Leo ni mwanamke. Anaishi kama mwanamke, anavaa kama mwanamke, kibanda chake kina jina la kike ubaoni. Sitaandika jina la zamani hapa, hilo jipya tuseme Jozefina. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha swali langu mshike hilo.
Na kusema nitakuwa Likasi si ubaya. Nina watoto. Jina langu likisomwa mahakamani pamoja na lake, kazini watasema nini? Mimi nalinda nyumba yangu.

Mtumishi_Elia:
Ndugu, umeongozwa vema kuogopa. Mungu aliumba mume na mke. Mpeleke kwa maombi, usimpeleke mahakamani. Tena kuwa makini, Kongo kuna sheria inayofunga watu hao na wanaowasaidia. Katiba imesema.

Karani_wa_Zamani:
Mtumishi, maombi ni yako, sheria tuiweke sawa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inazungumzia kuoa na kuolewa na mtu wa jinsia nyingine. Hapa hakuna anayefunga ndoa. Sheria ya jinai haina kosa linaloitwa kuvaa gauni. Kuna kifungu cha 176, cha kuvunja maadili hadharani, ni kipana kama wavu, na wapo askari wanaomtishia mtu nacho apate kutoa pesa barabarani. Hilo lipo, silifichi. Lakini shahidi wa jina hagusi hapo.
Mwana_Katuba, sasa nakuelewa, na kazi yenu ni ngumu kidogo kuliko ulivyodhani. Jina linaweza kubadilika. Jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa, sheria yetu haina mlango wa kuibadilisha. Kwa hiyo hata akishinda, kadi ya kura itaendelea kusoma M.
Bahati yake, majina yetu ya ukoo mengi hayachagui, Ilunga au Mwamba anaweza kuwa kaka au dada. Ni jina la mbele tu linalopiga kelele. Ningekuwa mimi, ningemshauri aombe jina kama Ange, ambalo kwetu linabebwa na wote. Ange na M havigombani kwenye kizuizi. Jozefina na M vitagombana kila askari atakaposhika kadi, na hakimu naye atauliza zaidi.

Mwana_Katuba:
Nilimwambia karibu hivyo hivyo. Akajibu, akiwa na pini mdomoni, kwamba amejibana vya kutosha, hataki jina lingine la kujibana ndani yake.

Karani_wa_Zamani:
Basi anajua bei yake. Hapo ombi lijengwe juu ya matumizi: wateja, majirani, daftari la kibanda, wote wakisema anaitwa hivyo kwa miaka kadhaa. Na mtu mmoja wa zamani wa kuunganisha jina la shule na uso wa leo. Huyo ndiye wewe. Bila huyo, hakimu anaona watu wawili.
Mtihani: aliyeacha shule anaingia kama otodidakti. Kwanza anafaulu mtihani wa awali, ndipo anaruhusiwa kukaa kwenye mtihani wa taifa. Jina la kuandikishwa ndilo litakalotoka kwenye diploma, ndiyo maana ana haraka. Akiandikishwa kwa jina la zamani, itabidi ahangaike na diploma baadaye, na hilo ni zito kuliko cheti cha kuzaliwa.

Dada_wa_Ruashi:
Mimi nadhani fundi huyu namjua, na sitasema zaidi. Ila nikuulize kaka: yeye anaishi wazi. Ubao uko barabarani. Wanawake wa kwaya wanashonesha pale, mama mboga anamwita dada. Mkeo amempelekea yadi 6 kwa miguu yake. Sasa siri unayoilinda ni ya nani?

Mama_Lukuni:
Mwanangu aliondoka Kolwezi akiwa na miaka 19. Baba yake alimtupia begi nje, mimi nilisimama jikoni na kijiko mkononi. Sijui anaitwa nani siku hizi. Nikimkuta dukani sitajua nimuite vipi. Samahani, si swali lenu.

Mwana_Katuba:
Pole sana mama.
Dada wa Ruashi, umenishika pabaya. Siri ni yangu.
Hakukosa mtihani kwa ugonjwa. Mkuu wa nidhamu alipita kukagua vitanda, akakuta gauni chini ya godoro la chini. Godoro langu. Gauni la buluu, la dada yangu, nililitoa nyumbani mimi mwenyewe baada ya sikukuu, kwa sababu aliniomba na alikuwa rafiki yangu. Alikuwa analivaa usiku dakika chache kwenye chumba cha masanduku, mimi nakaa mlangoni. Nilipoulizwa nilisema si langu, ni lake. Sikusema nani alilileta. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, wiki chache kabla ya mtihani. Mimi nilikaa, nikafaulu.
Karani, hakimu atauliza kwa nini aliacha shule?

Jicho_la_Mwanza:
Bado sijui kama ni kweli. Lakini nimeacha kuomba uzi ufungwe.

Karani_wa_Zamani:
Anaweza kuuliza, hasa akitajiwa mtihani. Na akimuuliza shahidi, shahidi yuko chini ya kiapo.

Mtumishi_Elia:
Basi ndugu, hapo kwanza kuna toba.

Mama_Kamalondo:
Yeye anajua kwamba wewe ndiye uliyemtaja?

Mwana_Katuba:
Sikuwahi kumwambia. Leo mchana nilipita kuchukua shati, nikiwa nimepanga kumwambia tena habari ya Likasi. Shati lilikuwa tayari, upande wa kushoto ameongeza kitambaa kidogo ndani ya bega, nikilivaa nasimama sawa. Nikalipa. Akarudisha chenji, akasema bila kunitazama, anakunja utepe:
"Gauni la dada yako lilikuwa linanibana kwapani. Siku hizi ningelipanua."
Sikutaja Likasi. Mke yuko sebuleni sasa hivi, nimemwita akae.